FI'ILI MUTAADDI NA FI'ILI LAZIMU KATIKA KIINGEREZA



 

Ndugu mwanafunzi, asubuhi uko skuli unasomeshwa Kiingereza, na baada ya Alasiri uko hapa chuoni na kitabu chako cha Ajurumiya unasomeshwa nahau. Wengi wenu mnaviweka vitu hivi viwili mbalimbali kabisa. Mwalimu wa skuli akiandika ubaoni "transitive verb" na chini yake "intransitive verb", darasa zima linanyamaza na kunakili, kisha maneno yanabaki ndani ya daftari mpaka siku ya mtihani. Kumbe somo hilo mwanafunzi wa chuoni ameshapita karibu nalo, siku ile alipofundishwa fa'ili na maf'ulu bihi.

Tukumbushane. Katika nahau tunasema "Jalasa Zaidun", Zaid alikaa. Kuna fi'ili na kuna fa'ili, na maneno yametimia. Kisha tunasema "Dharaba Zaidun Amran", Zaid alimpiga Amri. (Maskini Amri huyu, karne nyingi sasa anapigwa katika vitabu vya nahau na hapana aliyemuuliza Zaid sababu.) Hapa kitendo hakikuishia kwa Zaid. Kimetoka kwake kikavuka kikamfikia mtu mwengine. Fi'ili ya kwanza inaitwa lazimu, kwa kuwa imeganda kwa fa'ili wake. Ya pili inaitwa mutaaddi, maana yake ni yenye kuvuka.

Sasa tazama ajabu. Neno "transitive" limetokana na Kilatini, na asili yake ni kuvuka, kwenda ng'ambo. Wanavyuoni wa Kiarabu na wanavyuoni wa Kilatini wameliita jambo hili kwa jina la maana moja. Kwa Kiswahili tunasema kitenzi elekezi na kitenzi si elekezi. Ukifungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu utakuta mbele ya kitenzi alama "ele" au "sie", na hizo ndizo habari zake. Kamusi za Kiingereza nazo huweka "vt" na "vi", na nyengine huweka T na I. Mwanafunzi mwingi anaziruka herufi hizo na kukimbilia maana. Asiziruke, na mbele kidogo tutaona kwa nini.

KIPIMO CHA KWANZA: ULIZA "NINI?" AU "NANI?"

Chukua sentensi hizi mbili:

"Fatma slept."
"Fatma bought a mango."

Soma ya kwanza, kisha uliza: Fatma alilala nini? Swali halina maana. Unaweza kuuliza alilala wapi au alilala saa ngapi, lakini majibu ya hayo si maf'ulu bihi. Hata ukisema "Fatma slept at her aunt's house in Malindi on Friday", sentensi imekuwa ndefu na kitenzi bado ni lazimu, kwa sababu mahali na siku si vitu alivyovilala.

Soma ya pili. Fatma alinunua nini? Embe. Hilo embe ndilo maf'ulu bihi. Ukilitoa ukasema "Fatma bought" kisha ukaweka nukta, Muingereza atabaki anakutazama akisubiri umalizie.

Kwa Kiarabu maf'ulu bihi hujulikana kwa irabu. "Amran" ana nasbu, kwa hiyo hata ukimtanguliza mbele ya Zaid tutajua kwamba yeye ndiye aliyepigwa. Kiingereza hakina irabu za mwisho, kina nafasi tu. Mtenda hukaa kabla ya kitenzi na mtendwa hukaa baada yake. "Zaid hit Amr" ni habari moja, "Amr hit Zaid" ni habari nyengine kabisa, na maneno ni yale yale matatu.

MTENDWA ALIYEJIFICHA NDANI YA KISWAHILI

Hapa ndipo penye kosa letu kubwa sisi watu wa Unguja, na linatokana na uzuri wa lugha yetu wenyewe. Mwalimu anauliza, "Umeleta kitabu?" Mtoto anajibu, "Nimekileta." Ile "ki" ndani ya kitenzi ndiyo mtendwa. Kimetajwa kitabu kwa silabi moja na mambo yamekwisha. Tena akijibu kwa mkato tu, "Ndiyo maalim, nimeleta," hapana atakayemlaumu, kwa sababu kitabu kimeshatajwa katika swali.

Sasa mtoto huyo huyo anaulizwa skuli, "Did you bring the book?" Anajibu, "Yes, I brought." Kwa masikio yetu jibu limekamilika. Kwa Kiingereza limekatika. Kitenzi "bring" kinadai mtendwa, na Kiingereza hakina pa kumtia ndani ya kitenzi. Lazima asimame nje, kwa neno lake mwenyewe: "Yes, I brought it."

Vitenzi vinavyotukamata zaidi kwa kosa hili ni vya kila siku: "bring", "buy", "take", "put", "like", "enjoy", "use". Mgeni anaulizwa kama anapenda halua, anajibu "Yes, I like", na ilitakiwa "Yes, I like it". Mtu amerudi Forodhani anasema "I enjoyed very much", na ilitakiwa aseme amefurahia nini, au angalau "I enjoyed it very much".

Lakini usije ukatia "it" kila pahala. Vipo vitenzi ambavyo Kiingereza chenyewe kinaruhusu mtendwa aachwe: "I have eaten", nimeshakula, "I know", najua, "I forgot", nimesahau. Hivi havina kanuni moja ya kuvikusanya. Hapo ndipo zile herufi za kamusi zinapokusaidia. "Eat" utaikuta na alama zote mbili, "vt" na "vi", yaani inakubali kuwa na mtendwa na inakubali kukosa. "Bring" utaikuta na "vt" peke yake.

HERUFI YA JARI: WAPI ITIWE, WAPI ISITIWE

Mnajua kwa nahau kwamba fi'ili lazimu ikitaka kufikia jina huazima herufi ya jari. Tunasema "dhahaba ila", alikwenda kwa. Kiingereza kinafanya vivyo hivyo. "Listen" ni lazimu, haimfikii mtu mpaka ivushwe na "to". Kwa Kiswahili "sikiliza" inampata mtendwa moja kwa moja, tunasema "msikilize mwalimu", ndiyo maana mtoto anaandika "Listen the teacher". Sahihi ni "Listen to the teacher". Na "wait" ni hivyo hivyo. Sisi tunasema "nisubiri", mtendwa yumo ndani, lakini wao wanasema "wait for me".

Kosa la upande wa pili ni kutia herufi ya jari pasipohitajika. Sisi tunaingia "msikitini", na ile "ni" ya mwisho inatufanya tuandike "He entered in the mosque". Kumbe "enter" ni mutaaddi, inashika jina lenyewe: "He entered the mosque". Tunajadili "kuhusu" jambo, basi tunaandika "We discussed about the lesson". "Discuss" nayo ni mutaaddi: "We discussed the lesson". Na vitenzi viwili vya kufika vinafundisha jambo hili vizuri kuliko maelezo yoyote: "We arrived at Bububu" na "We reached Bububu". Safari ni moja, daladala ni moja, ila cha kwanza ni lazimu kinahitaji daraja na cha pili ni mutaaddi kinavuka chenyewe.

KIPIMO CHA PILI: GEUZA MTENDWA AWE MBELE

Katika nahau mnasoma habari ya naibu wa fa'ili: mtenda anaondolewa na maf'ulu bihi anakaa pahala pake, "Dhuriba Amrun", Amri alipigwa. Kiingereza hufanya hivyo kwa kutia "was" na kubadilisha umbo la kitenzi: "Amr was hit".

Sasa fikiri kidogo. Kama anayekaa pahala pa mtenda ni yule maf'ulu bihi, je, kitenzi kisichokuwa na maf'ulu bihi kitamleta nani mbele? Hakina wa kumleta. Kwa hiyo fi'ili lazimu ya Kiingereza haigeuzwi namna hii. Kipimo hiki kina nguvu zaidi kuliko kile cha kuuliza "nini?".

Mfano wa hapa kwetu. "Sayyid Barghash built the House of Wonders in 1883." Alijenga nini? Beit al-Ajaib. Basi tunaweza kuigeuza: "The House of Wonders was built in 1883." Mwaka 2020, mwezi wa Disemba, sehemu ya jengo hilo iliporomoka. Wanafunzi wengi wakiandika habari hiyo wataandika "Part of the House of Wonders was collapsed". Lakini "collapse" hapa ni lazimu. Jengo liliporomoka lenyewe, na hapana aliyetajwa kuliporomosha. Sahihi ni "Part of the House of Wonders collapsed in 2020". "Was built" ni sawa, "was collapsed" si sawa, na jengo ni lile lile.

Kwa nini tunaitia hii "was" pasipo pahala pake? Ninavyoona mimi kwa kusahihisha madaftari, mwanafunzi anadhani "was" ndiyo "li" ya Kiswahili, alama ya wakati uliopita. Anasema moyoni "ali-fika", anaandika "he was", kisha anatafuta "arrive". Sivyo. Wakati uliopita umeshaingia ndani ya "arrived" yenyewe.

Ipo sababu ya pili, nayo ni ya ndani zaidi. Kiswahili kina uwezo wa kumfanya lazimu awe mutaaddi kwa kutia "i" au "e", kisha kumgeuza. Kutokana na "kufa" tunapata "kufia", na kutokana na "kufia" tunapata "kufiwa". Tunasema "Juma amefiwa na mama yake", maneno fasaha kabisa. Mvua inanyesha, nasi tunasema "tumenyeshewa". Anayefasiri neno kwa neno ataandika "Juma was died by his mother", na anayesoma hatafahamu kitu, au atafahamu jambo baya. Kiingereza hakina njia ya "kufiwa". Kinasema "Juma's mother has died", au kinachukua kitenzi chengine ambacho ni mutaaddi, "Juma has lost his mother". Na mvua: "We were caught in the rain".

TUSAHIHISHE PAMOJA

Tuchukue kifungu cha mfano kuhusu maisha ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy, Allah amrehemu, mwanachuoni wa hapa Unguja. Makosa yaliyomo nimeyakusanya makusudi, ni yale yale ninayokutana nayo.

"Sheikh Abdulla Saleh Farsy was born in Zanzibar in 1912. He taught many pupils. In 1968 he was became Chief Kadhi of Kenya. He translated the Qur'an into Swahili, and the complete translation was appeared in 1969. Many people in East Africa still use. He was died in Oman in 1982."

Twende kitenzi kwa kitenzi.

"Was born" ni sahihi. Mama huzaa, mtoto huzaliwa. Kiswahili kinasema "alizaliwa", Kiingereza kinasema "was born", na Kiarabu kinasema "wulida". Lugha tatu zimekubaliana kwamba mtoto hapa ni mwenye kutendwa.

"Taught many pupils": alisomesha nani? Wanafunzi wengi. Ni mutaaddi na mtendwa wake yupo. Sahihi.

"Was became" ni kosa, toa "was". Lakini kitenzi hiki kina mtego na nataka tukae nacho. Sema "He became Chief Kadhi", kisha tumia kipimo cha kwanza: alikuwa nani? Kadhi Mkuu. Jibu limepatikana, basi utasema ni mutaaddi. Subiri. Kadhi Mkuu si mtu mwengine aliyefikiwa na kitendo. Kadhi Mkuu ndiye Sheikh mwenyewe. Hapa wewe wa chuoni una faida kuliko mwenzako, kwa sababu umesoma "kana" na ndugu zake. Jina la pili baada ya "kana" lina nasbu, kwa kuliona unaweza kudhani ni maf'ulu bihi, na mwalimu wako alikukataza akakwambia hiyo ni khabari ya "kana". "Become" ni wa ukoo huo, na "be" na "seem" ni ndugu zake. Kipimo cha pili kitakuthibitishia: "Chief Kadhi was become by him" haisemeki.

"Translated the Qur'an": alifasiri nini? Qur'ani. Sahihi, na inageuzika: "The Qur'an was translated into Swahili by Sheikh Abdulla Saleh Farsy".

"Was appeared" ni kosa. "Appear" ni kutokea, kudhihiri, ni lazimu. Ama useme "the complete translation appeared in 1969", au uchukue "publish", ambayo ni mutaaddi, useme "was published in 1969". Maana inakaribiana, kitenzi kimebadilika, na "was" imebadilika nacho.

"Many people still use": wanatumia nini? Sentensi imekatika. "Many people in East Africa still use it."

"Was died" ni kosa. Na hapa ndipo linapotokea mara nyingi, kwa sababu ya lile "was born" la mwanzo. Mwanafunzi anaona kuzaliwa kuna "was", anadhani kufa nako kutakuwa nayo. Rudi kwenye Kiswahili chako: tunasema "alizaliwa", yenye "wa" mwishoni, lakini tunasema "alifariki", haina "wa". Kiswahili kimekuonesha njia: "He died in Oman in 1982".

Kifungu kilichosahihishwa ni hiki:

"Sheikh Abdulla Saleh Farsy was born in Zanzibar in 1912. He taught many pupils. In 1968 he became Chief Kadhi of Kenya. He translated the Qur'an into Swahili, and the complete translation appeared in 1969. Many people in East Africa still use it. He died in Oman in 1982."

VITENZI VYENYE NYUSO MBILI

Limebaki jambo moja, na limewahi kuleta ubishi darasani kwetu. Tunaposema "Ali opened the door", "open" ni mutaaddi. Tunaposema "The door opened", mlango umekuwa mtenda na hapana mtendwa. Je, Kiingereza kimejisahau?

Hakikujisahau. Kiswahili kina "fungua" na "funguka", Kiarabu kina "fataha" na "infataha". Sisi na Waarabu tunabadilisha umbo la kitenzi kuonesha kwamba kitendo hakikuvuka. Kiingereza kinaacha umbo vile vile na kukuachia wewe utazame kama baada ya kitenzi pana mtendwa au hapana. "Break", "close", "boil" na "stop" ni wa namna hii. "The cup broke" ni kikombe kimevunjika. "Salma broke the cup" ni Salma amekivunja, na mama yake atataka kujua tofauti ya sentensi mbili hizi.

Vichache, Kiingereza navyo kinabadilisha umbo kama sisi. Sisi tuna "inuka" na "inua", wao wana "rise" na "raise". Sisi tuna "lala" na "laza", wao wana "lie" na "lay". Angalia sana hapa, kwa sababu wakati uliopita wa "lie" ni "lay", na hapo hata Waingereza wenyewe wanateleza.

ZOEZI

Sahihisha sentensi tano za mwanzo, na ya sita uigeuze mtendwa awe mbele. Mzazi anayemsimamia mtoto nyumbani afunike majibu kwa karatasi.

1. "My uncle bought yesterday."
2. "The dhow arrived Malindi at dawn."
3. "The pupils entered in the classroom."
4. "Khadija was slept early."
5. "The sun raised at six o'clock."
6. "British ships bombarded the Sultan's palace in 1896."

Majibu. Ya kwanza inahitaji mtendwa wowote unaofaa, mfano "My uncle bought a bicycle yesterday". Neno "yesterday" linajibu lini, halijibu nini. Ya pili ni "arrived at Malindi", au uweke "reached Malindi". Ya tatu ni "entered the classroom". Ya nne ni "Khadija slept early", kwa sababu kulala hakumvuki mlalaji. Ya tano ni "The sun rose", jua linachomoza lenyewe. "Raise" ingetaka tuulize limeinua nini. Ya sita ni "The Sultan's palace was bombarded by British ships in 1896", na aliyeandika "The Sultan's palace was bombarded in 1896" bila ya kuwataja wenye meli naye amepata, kwa sababu naibu wa fa'ili hahitaji fa'ili atajwe.